Vyumba vinajaa, fedha haionekani: ukaguzi wa mapato ya hoteli uanzie kitandani

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu, nimepewa kazi ya ukaguzi wa ndani katika hoteli ya vyumba 40 hapa Dodoma, yenye mgahawa na baa. Mwenye hoteli anasema akipita jioni anakuta maegesho yamejaa, lakini mapato hayafanani na anachokiona. Nimelinganisha ripoti za mfumo wa vyumba na fedha zilizopelekwa benki kwa miezi mitatu, na zinakubaliana kabisa. Meneja ananiambia mfumo ni wa kisasa, hauchezewi. Nianzie wapi?*

Marahaba. Ulinganisho wako umethibitisha jambo moja tu, kwamba fedha iliyoandikwa kwenye mfumo imefika benki. Anachouliza mwenye hoteli ni kama kila aliyelala ameandikwa. Mfumo hauwezi kulijibu hilo, maana mgeni ambaye hakuandikwa hatokei kwenye ripoti yoyote. Tena mtu anayekula fedha za vyumba hujitahidi sana ripoti ya mfumo na benki zikubaliane hadi shilingi ya mwisho, kwa kuwa anajua hapo ndipo mhasibu anapoanzia.

Kwa hiyo geuza njia. Anza na chumba kilicholaliwa, kisha utafute kama kimeandikwa. Na ushahidi wa kulaliwa uutoe kwa watu wasiogusa fedha: wahudumu wa vyumba, dobi, na kufuli za milango.

Wahudumu wa vyumba huandika karatasi kila asubuhi: chumba namba fulani kimelaliwa, kitupu, mgeni ameondoka, mgeni hakulala. Hoteli nyingi hutupa karatasi hizo baada ya siku chache kwa sababu hakuna anayeziona kuwa kumbukumbu za fedha. Kabla hujamweleza mtu yeyote unatafuta nini, mwombe mwenye hoteli atoe agizo la kawaida kwamba karatasi zote za vyumba zitunzwe na zifikishwe uhasibuni kila siku saa nne asubuhi, nakala ya kwanza yenyewe, iliyoandikwa kwa mkono. Usikubali orodha iliyochapwa upya ofisini. Ile iliyokunjwa mfukoni mwa mhudumu, yenye doa la sabuni, ndiyo unayoitaka.

Angalia tarehe kwa makini. Karatasi ya asubuhi ya tarehe 15 inaeleza usiku wa tarehe 14. Mkaguzi asiyelijua hili hupata tofauti lukuki zisizo na maana, akachoka, akaacha. Ingiza karatasi kwenye jedwali moja, tarehe ya usiku safu ya A na namba ya chumba safu ya B. Orodha ya vyumba vilivyolaliwa kwa mujibu wa mfumo iweke kwenye karatasi nyingine uliyoipa jina Mfumo, kwa mpangilio huo huo. Katika safu ya C ya karatasi zote mbili tengeneza ufunguo, halafu katika safu ya D ya karatasi ya wahudumu uliza kama ufunguo huo upo kwenye mfumo:

```
C2:  =TEXT(A2,"yyyymmdd")&"-"&B2
D2:  =COUNTIF(Mfumo!$C:$C,C2)
```

Palipo na 0, chumba kimelaliwa na mfumo haukijui. Fanya pia kwa upande wa pili, kutoka kwenye mfumo kwenda kwenye karatasi. Usilinganishe jumla kwa jumla. Nitakuonyesha sababu kwa hoteli moja niliyoikagua, ya vyumba 48, wiki moja ya mwezi Mei wakati wa Bunge la bajeti, mji ukiwa umejaa.

Usiku 7 kwa vyumba 48 ni nafasi 336 za kulala. Mfumo ulisema zimetumika 251. Karatasi za wahudumu zilisema 268. Ukiangalia jumla utasema tofauti ni 17. Lakini kwa mistari, nafasi 22 zilikuwa kwenye karatasi na hazimo kwenye mfumo, na nafasi 5 zilikuwa kwenye mfumo na hazimo kwenye karatasi. Zile 5 zilikuwa za wageni waliohamishwa chumba, kiyoyozi kimegoma au maji hayatoki, na mapokezi wakaacha namba ya zamani. Kila moja ilipata mwenzake katika zile 22. Zikabaki 17. Nyingine 5 zilikuwa wageni walioshuka na mabasi ya usiku saa kumi alfajiri: mfumo ulikuwa umeshafunga siku, ukawaandika kwa tarehe mpya, wakati mhudumu aliyepita saa mbili asubuhi aliona mtu amelala. Zikabaki 12. Tatu walikuwa madereva wa mwenye hoteli, na barua yake ya ruhusa ilikuwepo. Zikabaki 9.

Naomba usiruke hatua hiyo ya kuondoa zenye maelezo halali. Miaka yangu ya mwanzo nilimtaja kijana wa mapokezi kwenye rasimu ya ripoti kwa chumba ambacho karatasi ilionyesha kimelaliwa na mfumo haukionyeshi. Mgeni alikuwa amehamishwa kutoka 112 kwenda 207, amelipa kila kitu, na stakabadhi ilikuwepo. Rasimu ilimfikia meneja kabla sijamaliza kuulizia, na yule kijana alisimamishwa kazi wiki mbili bila mshahara. Nilimwomba radhi, lakini wiki mbili zile hazikurudi. Tangu siku hiyo tofauti yoyote naipa jina la tofauti mpaka nimemaliza kuisaka.

Zile 9 zilizobaki zilikuwa na kitu kimoja kinachofanana. Katika mfumo, vyumba vyote hivyo usiku huo viliwekwa alama ya `Out of Order`, yaani kibovu, hakiuzwi. Wiki nzima ilikuwa na nafasi 15 za namna hiyo. Hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuficha chumba, kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo haumuulizi mtu wa mapokezi kwa nini chumba hakina mgeni. Pili, mifumo mingi huondoa vyumba vibovu kwenye idadi ya vyumba vinavyouzwa kabla ya kupiga asilimia ya ujazo. Badala ya 251 kwa 336, ambayo ni asilimia 74.7, ripoti ya meneja ilisoma 251 kwa 321, asilimia 78.2. Wizi ulikuwa unapandisha namba ambayo bosi anaifurahia.

Chumba kikiharibika kweli huacha nyayo: fundi ameitwa, kuna fomu ya matengenezo, kuna bomba au taa iliyotolewa stoo. Nikachukua miezi mitatu. Kulikuwa na nafasi 61 za `Out of Order`. Fomu za fundi zilieleza 23. Kati ya 38 zilizobaki, kumbukumbu za mashine ya kadi za milango zilionyesha kwamba kwa nafasi 31 kulitengenezwa kadi ya mgeni usiku ule ule, nyingi kati ya saa nne na saa saba usiku. Kwa bei ya siku ya shilingi 90,000, hizo ni shilingi 2,790,000, na ndani yake VAT ya asilimia 18 ni shilingi 425,593. Kiasi cha VAT kiandike pembeni, kwa sababu hoteli ikishajua ina mauzo yasiyotolewa risiti ya EFD, suala limetoka kwenye uhusiano wa bosi na mfanyakazi likaingia kwenye uhusiano wa hoteli na TRA. Nafasi 7 zilizobaki sikuweza kuzieleza, nikaziacha hivyo kwenye ripoti. Na sikuchukua wiki ya Bunge nikaizidisha kwa 52. Chumba kibovu huuzwa kwa siri pale mgeni anapohangaika kutafuta pa kulala. Mwezi ambao mji uko kimya hakuna wa kumuuzia.

Mashine ya kadi inahitaji maelezo kidogo kwa sababu watu wengi hawajui kwamba ni mfumo wake peke yake. Kwenye hoteli nyingi za ukubwa wa kwenu, programu ya kutengeneza kadi haijaunganishwa na mfumo wa vyumba. Inatunza kila kadi: chumba, saa, muda wa kuisha, na jina la aliyeitengeneza. Kufuli yenyewe nayo hukumbuka matukio ya mwisho ya kufunguliwa, na fundi wa kufuli ana kifaa cha kuyasoma. Kabla ya kuziamini saa hizo, fungua mlango mmoja mwenyewe ukiwa na saa mkononi, kisha usome kufuli imeandika nini. Saa za kufuli huteleza, hasa baada ya kubadilisha betri, na nimewahi kukuta nyingine imechelewa karibu saa tatu. Kama hoteli yenu inatumia funguo za kawaida, hutakuwa na ushahidi huu. Itabidi uegemee zaidi kwenye dobi.

Dobi husaidia lakini usimlazimishe aseme asichokijua. Shuka za mgeni anayeondoka hubadilishwa, za anayeendelea kukaa hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu kulingana na utaratibu wa hoteli. Kwa hiyo hesabu ya shuka haigeuki moja kwa moja kuwa hesabu ya vyumba. Inachokuambia ni kama karatasi za wahudumu zinaaminika. Karatasi zikisema wageni 12 wameondoka leo na dobi amepokea shuka za vitanda 17, kuna watu kati ya msimamizi wa vyumba na mapokezi wanaoelewana, na karatasi zako zimeshaharibika kama ushahidi.

Kuna aina mbili za upotevu ambazo kipimo cha kitanda hakizioni. Ya kwanza ni chumba cha mapumziko ya mchana. Mgeni anaingia saa tano asubuhi, anatoka saa kumi jioni, chumba kinasafishwa upya, na usiku kinauzwa tena kihalali. Karatasi ya asubuhi haina habari naye. Hapo tafuta vyumba vilivyosafishwa mara mbili kwa siku moja, au kadi zilizotengenezwa mchana zenye muda wa saa chache.

Ya pili ni ya bei, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayodumu miaka mingi bila kuonekana. Mgeni ameingia kwa miguu yake saa tatu usiku, analipa 90,000 taslimu. Mapokezi wanamwandika kwa bei ya mkataba wa kampuni, 65,000. Chumba kipo kwenye karatasi, kipo kwenye mfumo, fedha ya 65,000 ipo benki, na 25,000 imebaki mfukoni. Vuta orodha ya wageni wote waliolala kwa bei za kampuni na utafute mambo mawili: oda au barua ya kampuni, na namna ya malipo. Mtu wa kampuni kwa kawaida hulipiwa kwa ankara. Akilipa taslimu, bila barua, usiku, na aliyempokea ni mtu yule yule mara kumi na tatu kwa mwezi, una pa kuchimba. Ushahidi mzuri zaidi uko kwa mgeni mwenyewe, na kwa wakaguzi wa nje kiwango cha kimataifa cha ISA 505 kinaeleza namna ya kuomba uthibitisho wa mtu wa tatu. Lakini namba za simu za wageni hazikuandikwa kwa ajili yako. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, pata kwanza kibali cha maandishi cha uongozi na ushauri wa mwanasheria, kisha umuulize mgeni kiasi alicholipa tu. Usimtajie tuhuma.

Hapo hapo mapokezi, soma namba ya malipo ya simu iliyobandikwa kaunta. Ni ya hoteli, au ni ya mtu? Waombe uongozi wakupatie taarifa ya miamala moja kwa moja kutoka kampuni ya simu. Karatasi iliyochapwa na mtu wa mapokezi haitoshi.

Tuingie mgahawani, ingawa huko sitakwenda kwa mapana, kwa sababu kila kaunta ina mbinu zake. Kipimo cha msingi unakijua: kilichokuwepo, jumlisha kilichotoka stoo, toa kilichobaki, upate kilichotumika, ulinganishe na kilichouzwa. Chukua bia ya aina moja kwa wiki moja. Chupa 144 mwanzo, 600 kutoka stoo, 168 mwisho. Zimetoka 576. Mfumo wa mgahawa umeuza 541. Tofauti ni 35; zilizovunjika na zilizotolewa bure kwa saini ni 14; zimebaki 21, kwa shilingi 4,000 ni shilingi 84,000. Jikoni fanya vivyo hivyo na kitu kinachohesabika kwa vipande. Kuku mmoja hutoa robo nne, na hiyo haibishaniwi kama inavyobishaniwa kilo ya mchele.

Kipimo hiki kina udhaifu mkubwa ambao wakaguzi wengi hawauangalii. Mhudumu wa kaunta anaweza kununua kreti mbili mtaani kwa fedha yake, akaziingiza kwa mlango wa nyuma, akaziuza kwa bei ya hoteli bila kuingiza kwenye mfumo. Mali ya hoteli haijaguswa. Hesabu yako inatoka sifuri, safi kabisa, na wewe unaandika kwamba baa iko vizuri. Hoteli imepoteza mteja ambaye angenunua bia yake. Kinachomfichua ni chupa tupu. Chupa za bia hurudishwa kwa msambazaji, kwa hiyo hoteli inapaswa kuwa na tupu zinazolingana na zilizotumika. Ukikuta tupu nyingi kuliko hoteli ilizonunua, zimeingia kutoka nje. Mgeni naye huweza kuja na chupa zake, hivyo tatu au nne si habari. Kreti nzima ni habari. Na asiyetaka ujue atazitoa tupu hizo usiku huo huo, kwa hiyo hesabu wakati baa inafungwa, usisubiri kesho yake.

Kwa bili, ninachokiangalia kwanza ni chakula cha bei moja. Kama mna bufee ya mchana ya semina au ya wageni wa nje, weita anaweza kuchapa bili ya mteja wa kwanza, akaiacha wazi kwenye mfumo, akapokea fedha, kisha akachapa bili ile ile kwa mteja wa pili na wa tatu. Mwisho anaifunga mara moja. Chakula hakikuagizwa jikoni kwa tiketi, kwa hiyo jikoni hawana la kusema. Mfumo mzuri huandika bili imechapwa mara ngapi. Tafuta zilizochapwa zaidi ya mara moja na zimekaa wazi kwa saa nzima. Kisha siku moja simama uhesabu sahani. Kwa vyakula vinavyoagizwa, pitia zilizofutwa kwa `Void` baada ya tiketi kwenda jikoni. Oda iliyofutwa dakika moja baada ya kuingizwa ni kosa la kidole. Iliyofutwa dakika hamsini baadaye, mteja ameshakula.

Kifungua kinywa kinaunganisha mgahawa na vyumba vizuri sana. Mfumo unajua watu wangapi wamelala. Mgahawa unajua wangapi wamekula. Wakila 58 na waliolala ni 47, ama kuna watu wa mjini waliolipa taslimu wakachanganywa na wageni wa hoteli, ama kuna vyumba vilivyoandikwa mtu mmoja na walilala wawili, ama kuna vyumba vile vya `Out of Order`. Hesabu hii peke yake haikwambii ni lipi, lakini inakuonyesha asubuhi ipi ya kwenda kuichunguza.

Sasa lile la mfumo usiochezewa. ISA 500 inamtaka mkaguzi apime kama taarifa anazopewa na taasisi yenyewe zinaaminika kabla ya kuzitumia, na ripoti ya mfumo ni taarifa ya taasisi yenyewe. Mfumo unaweza kuwa mzuri na bado ukaruhusu kila nililolieleza, kwa sababu kuweka alama ya kibovu, kubadili bei na kufuta uwekaji nafasi ni kazi halali za mapokezi. Mfumo hauvunjwi, hutumiwa kama ulivyotengenezwa, na mtu aliyepewa ruhusa nyingi kuliko kazi yake.

Fanya jaribio hili. Mbele ya meneja, weka nafasi kwa jina lako, ingiza mgeni, badilisha bei, kisha futa kila kitu. Siku inayofuata omba kumbukumbu ya mabadiliko ya mfumo. Utaona mfumo wenu unaacha nyayo gani: jina la mtumiaji, saa, bei ya zamani na mpya. Ukikuta uwekaji nafasi wako umetoweka kabisa na namba yake haionekani, usitegemee tena ripoti yoyote ya mfumo huo bila ushahidi wa nje. Jaribu pia kama mtu wa zamu ya usiku anaweza kuingia na kufuta kumbukumbu yenyewe, na kama anaweza kubadili bei ya mgeni aliyekwisha kuondoka.

Halafu chukua nafasi kutoka nje ya mfumo uzifuate ndani: barua pepe za kampuni, orodha za waandaaji wa semina, na orodha ya wanaotarajiwa kutoka kwenye akaunti ya hoteli ya Booking.com. Zisome mwenyewe kwenye skrini. Hizi za mtandaoni zina mchezo wake. Mgeni anayelipa hotelini amefika, amelala, amelipa taslimu. Mapokezi wanamwandika `No Show` kwenye akaunti ya mtandaoni ili kamisheni isitozwe, na wanafuta nafasi yake kwenye mfumo wa hoteli. Sehemu zote mbili sasa zinakubaliana kwamba hakuja. Karatasi ya mhudumu wa vyumba inasema amelala. Unaona kwa nini nilikuambia uanzie huko.

Jambo la mwisho kuhusu mfumo ni namba na tarehe. Namba za bili zifuatane; pengo lielezwe. Ripoti za Z za mashine ya EFD nazo zifuatane, na jumla ya kila siku ilinganishwe na mauzo ya mfumo ya siku hiyo, kwa sababu mashine hiyo na mfumo wa hoteli mara nyingi hazijaunganishwa na kuna mtu anayeandika mara mbili. Tarehe ya mfumo si tarehe ya kalenda: inabadilika pale zamu ya usiku inapofunga siku. Angalia saa ya kufunga kwa miezi mitatu. Ikiwa kawaida ni saa nane usiku, na siku kadhaa imefungwa saa nne asubuhi, chunguza kilichobadilishwa katika saa hizo. Na amana za semina za mwezi ujao zitenge. Fedha iliyoingia Mei kwa ajili ya Juni ni deni mpaka wageni walale, na zikichanganywa zitafunika upungufu wa Mei usiuone.

Utakapoandika, panga kwa usiku na namba ya chumba: karatasi inasema nini, mfumo unasema nini, kadi ilitengenezwa saa ngapi kwa jina gani la mtumiaji, fomu ya fundi ipo au haipo. Jina la mtumiaji usiligeuze kuwa jina la mtu. Katika hoteli ile ya vyumba 48, kadi zote 31 zilitengenezwa kwa jina moja la mtumiaji, na nywila yake ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa chini ya kibodi. Watu wanne waliitumia. Ratiba ya zamu ndiyo iliyopunguza wanne hao wakabaki wawili, na hapo nikaishia, nikawaachia wenye mamlaka ya kuhoji watu.

Anza kesho na agizo la karatasi. Wiki moja ikikamilika utakuwa na usiku 7 wa kulinganisha, na orodha ya `Out of Order` ya wiki hiyo hiyo uivute siku hiyo hiyo, kabla mtu hajairekebisha.